Spidomita inazidisha? Nguzo za kilomita na stopwochi, GPS ya simu, au kufuatana na gari jengine

Mwana_Makunduchi
Assalaam alaykum. Nina Proboksi ya mwaka 2005, imetoka Japani. Kila nikifuatana na shemeji yangu barabara ya Paje, mshale wangu unasoma 60 na yeye anasema wake uko 55. Nataka kujua wangu unazidisha kiasi gani hasa. Nimeelezwa njia tatu: kufuatana na gari ya mtu, kutumia GPS ya simu, au ile ya zamani ya kujipima kwa stopwochi kutoka nguzo ya kilomita mpaka nguzo. Ipi ya kuaminika, na hiyo ya nguzo inafanywa vipi?

Mkaazi_Fumba
GPS, bila kujisumbua. Washa programu ya spidi, ipe simu nafasi ya kuona mbingu, shika mwendo mmoja, soma. Mimi mshale ukiwa 60 simu inaniambia 56 au 57. Nguzo zenyewe nyengine zimemezwa na majani, utazihesabu vipi?

Fundi_Kwerekwe
Waalaykum salaam. Hiyo ya kufuatana na shemeji iache, maana spidomita yake nayo haijapimwa. Mkitofautiana 5 hujui nani kati yenu kasema kweli, pengine wote hamkusema.

GPS siipingi, ni nzuri ukishika mwendo ule ule barabara ya wazi. Ukiongeza au ukipunguza, namba inakuja nyuma kidogo, na ikicheza kati ya 55 na 58 hujui ushike ipi. Nguzo na stopwochi zinakupa wastani wa safari nzima, na kosa likiingia unaliona.

Hesabu yake ni 3600 ugawe kwa sekunde ulizotumia kwa kilomita moja. Ukienda 60 ya kweli, kilomita inakula sekunde 60 kamili. Ikikula 64, mwendo wako ni 56 na robo.

Usipime kilomita moja ukaridhika. Kidole kinachelewa au kinawahi mwanzo na mwisho, na sekunde moja tu ya kosa kwenye kilomita moja inakuhamisha karibu kilomita nzima kwa saa. Ukipima kilomita 5 mfululizo, kosa ni lile lile la vidole viwili lakini limegawanywa kwa tano.

Anayebonyeza asiwe dereva. Mchukue mtu akae kushoto, nguzo ikilingana na ukingo wa dirisha lake abonyeze `Lap`, asisimamishe saa, aendelee mpaka nguzo ya mwisho. Mshale ausome dereva peke yake, kwa sababu aliyekaa pembeni anauangalia kwa mshazari na atauona mahali sipo. Ushike mwendo wako kabla hujafika nguzo ya kwanza, mita mia tatu hivi kabla. Kwa barabara ya Paje anzeni baada ya kuyamaliza matuta ya Jozani, asubuhi mapema, na likitokea tuta au mtoto kando ya njia punguzeni, kipande hicho mkifute.

Kombo_Dala
Wakati wote huo wa nini? Weka tripu sifuri kwenye nguzo, nenda kilomita 10, angalia. Yangu inasoma 10.0 kwa nguzo 10. Kilomita zikiwa sawa na spidi iko sawa, vyote vinatoka kwenye gurudumu moja.

Fundi_Kwerekwe
Kombo, nusu ya maneno yako ni kweli. Vyote vinatoka kwenye gurudumu, lakini kiwandani mshale unapandishwa makusudi, tripu haipandishwi. Sheria za magari za nchi nyingi zinakataa spidomita kusoma chini ya mwendo wa kweli, na zinaruhusu isome juu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaachia mshale uzidi kwa asilimia 10 ya mwendo wa kweli ukijumlisha kilomita 4. Maana yake ukienda 60 ya kweli, mshale unaweza kusoma mpaka 70 na gari ikapita. Kwa hiyo tripu inaweza kuwa sawasawa kabisa na mshale ukawa unazidisha.

Ila kipimo chako usikitupe, Mwana. Weka tripu sifuri kwenye nguzo na wewe, tutakihitaji.

Bi_Mize
Na mimi naomba msaada hapo hapo. Nimenunua gari bandarini, inasoma kilomita 48,000 lakini kanyagio la breki limelika mpaka chuma. Hii stopwochi itanionesha kama kilomita zimerudishwa nyuma?

Fundi_Kwerekwe
Hapana, Bi Mize. Stopwochi inapima mwendo wa sasa, haijui gari imetembea wapi huko nyuma. Lakini kanyagio hilo na namba hiyo haviendi pamoja. Aliyekuuzia muombe cheti cha kufutia usajili Japani, mara nyingi kilomita za ukaguzi wa mwisho huandikwa mle, ulinganishe.

Mwana_Makunduchi
Nimerudi. Tulikwenda Jumapili alfajiri na mdogo wangu, yeye ndiye aliyebonyeza. Mshale nimeushika 60, kilomita tano:

63.8
64.1
59.7
68.5
63.9

Ya tatu na ya nne zimenishangaza. Naapa mguu sikuutikisa. Tukarudi njia ile ile, kilomita hizo mbili zikafanya vile vile, moja fupi na mwenziwe ndefu. Halafu nikashika 40 kwa kilomita tatu nyengine, mbele ya hizo tano, nikapata sekunde 289 kwa jumla. Tripu kwa nguzo 10 imesoma 10.2.

Mkaazi_Fumba
Unaona sasa? 59.7 na 68.5 kwa mwendo mmoja. Ndiyo nikasema GPS.

Fundi_Kwerekwe
Subiri, Mkaazi, hapo ndipo nguzo zinapojieleza zenyewe. Jumlisha hizo mbili: 59.7 na 68.5 ni 128.2. Gawa kwa mbili unapata 64.1, sawa na wenziwe. Kilichokosewa ni nguzo iliyo katikati yao, imechomekwa karibu zaidi na ile iliyotangulia. Kwa mwendo ule unakata mita 15 na nusu hivi kila sekunde, na sekunde zimepungua nne na kidogo, basi nguzo iko nje ya mahali pake kwa mita 65 au 70. Pengine iligongwa ikarudishwa penye udongo laini, pengine barabara ilipotengenezwa ilisogezwa. Na kwa kuwa wakati wa kurudi kasoro ilibaki pale pale, si mguu wako wala kidole cha mdogo wako. Ungepima kilomita hiyo ya tatu peke yake ungeapa mshale wako hauna neno.

Chukua jumla: sekunde 320 kwa kilomita 5, yaani 64 kwa kila moja. Mshale 60, kweli 56 na robo. Kwa 40, sekunde 289 ugawe kwa tatu ni 96 na kidogo, kweli ni 37.4. Kwa hiyo kwenye 40 unazidisha 2.6 na kwenye 60 unazidisha 3.75. Kosa linakua na mwendo, kama asilimia 7 kote.

Kombo_Dala
Basi ni mipira. Mtu akiweka mipira mikubwa spidi inazidi kwenye saa.

Fundi_Kwerekwe
Ni kinyume, kaka. Mpira mkubwa unazunguka mara chache kwa kilomita, mshale unasoma chini na gari inakwenda zaidi ya unavyoona. Mtu akitoa 175/65R14 akafunga 175/70R14, kipenyo kinatoka kama milimita 583 kufika 601, tofauti ya asilimia 3. Anayezidishiwa ni mwenye mpira mdogo, au uliolika.

Ndiyo maana niliitaka tripu. 10.2 kwa kilomita 10 ni asilimia 2 za ziada, na hizo ni za magurudumu. Mwana, mipira yako imelika?

Mwana_Makunduchi
Imebaki milimita mbili hivi, Fundi. Nilikuwa nataka kuibadilisha kabla ya masika.

Fundi_Kwerekwe
Basi inakubali. Mpira mpya una mfereji wa kama milimita 8, umepoteza 6 kwenye nusu kipenyo ya karibu milimita 290, hizo ndizo asilimia 2 zako. Asilimia 5 zilizobaki nazihesabu ni za kiwandani.

Jambo moja kwa wenye magari ya Japani ya zamani. Ukaguzi wa kule unapima mshale ukiwa 40 juu ya magurudumu ya mashine. Gari iliyotengenezwa mpaka mwisho wa 2006 inapita ikiwa mwendo wa kweli uko kati ya 30.9 na 44.4. Angalieni hiyo namba ya juu: mshale ulikuwa unaruhusiwa kusoma chini ya kweli pia. Kwa hiyo asijiambie mtu kwamba kila spidomita inazidisha. Apime yake.

Bopwe_Wete
Sisi Pemba tufanye vipi? Chake mpaka Wete ni kona na vilima tu, mshale haukai 60 hata nusu kilomita. Nimejaribu, kila kilomita inakuja na sekunde zake.

Fundi_Kwerekwe
Mlima wenyewe hauharibu kitu, shekhe, ilimradi mshale hautoki mahali pake. Kinachoharibu ni kupunguza kwenye kona. Jaribu 40, au 30 gari ikikubali gia ya tatu. Sekunde zinakuwa nyingi na kosa la kidole linazidi kuwa dogo. Kama hata hiyo inashindikana, hapo GPS ya Mkaazi inakufaa kuliko nguzo, upate walau sekunde kumi za mwendo usiobadilika.

Mkaazi_Fumba
Alhamdulillah nimekubaliwa pahala. Mwana, sasa mpelekee fundi wa umeme auvute mshale aurudishe chini kilomita 4, yaishe.

Fundi_Kwerekwe
Hilo usifanye. Ukiuvuta chini 3.75 utakuwa sawa kwenye 60 peke yake. Kwenye 40 utasoma 36 na robo ilhali unakwenda 37.4, yaani sasa saa inakudanganya upande wa hatari. Kosa la asilimia halitibiwi kwa kuhamisha mshale. Andika karatasi ndogo ubandike pembeni ya saa: 40 ni 37, 60 ni 56.

Kombo_Dala
Na akijua kweli ni 56, si aende mshale 64 na tochi isimkamate?

Fundi_Kwerekwe
Mshale 64 kwa mipira hii ni 60 ya kweli, hakuna akiba yoyote hapo. Akifunga mipira mipya mshale ule ule unakuwa 61 na kitu, na karatasi yake haijabadilika.

Mwana_Makunduchi
Nimefahamu. Mipira mipya nafunga mwezi ujao, saizi ile ile, halafu narudia kilomita zile zile tano. Kwa hesabu ya Fundi mshale 60 uje kama 57 na nusu, yaani sekunde 62 na nukta saba hivi kwa kilomita. Nitaziweka hapa.

Bopwe_Wete
Na mimi nimejaribu kwa 40 leo jioni. Kilomita nne, 95, 96, 95, 99. Ile ya mwisho kulikuwa na ng'ombe. Niifute au niihesabu?