Naomba ushauri: barua ya kukataa ombi la ruzuku

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye mfuko mdogo wa ruzuku, naandika upya barua ya kuwajibu kina mama wakulima wa mwani ambao ombi lao halikupita. Barua ya zamani ilisema tu "hamkukidhi vigezo, msikate tamaa", maneno yasiyomsaidia mtu. Nimeandika hivi: "Wazo la kukausha mwani kwenye vichanja lilitupendeza. Kilichoangusha ombi ni bajeti: bei ya boti haikuwa na ankara kifani, na gharama ya mafuta haikutajwa. Mkiongeza hayo mawili, karibuni muombe tena dirisha lijalo." Je, nitaje na alama walizopata? Na huo mwaliko niuwekeje wasiudhani ni ahadi ya kupewa?