Naomba ushauri: programu ya kamera ya Kichina na king'ora

Habari za leo wakuu. Mlinzi wetu wa usiku ghalani aliunganisha kamera mpya na simu ya kazi, lakini programu yake yote ni ya Kichina. Akitafuta pa kuzima taa ya kamera, alibonyeza 撤防, yaani kuondoa ulinzi. Kisanduku cha kuthibitisha kilipotokea akasita, akanitumia picha, nikamwambia aguse 取消, aghairi. Kisha akapita mbele ya kamera, king'ora kikalia. Ni mtu makini, simlaumu hata kidogo.

Nimebadilisha lugha ya simu, programu imebaki vilevile. Je, ndani yake lugha hubadilishwa wapi? Na nitampaje ruhusa ya kutazama tu, asiweze kuondoa ulinzi?