Naomba ushauri: nataka simu zisizojulikana zisinipigie usiku, lakini mama yangu hupiga kwa simu za watu

FundiMwanjelwa

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Natumia simu ya Android ya kawaida, laini mbili.

Miezi ya karibuni sipumziki. Meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", waganga, watu wa bahati nasibu, na wengine wanapiga saa saba usiku wanakata. Nikaingia kwenye setingi za kupiga simu, nikakuta sehemu ya "Blocked numbers" ina kitufe cha "Unknown". Nikakiwasha nikijua nimemaliza kazi. Wiki nzima hakuna kilichobadilika, namba nisizozijua zinaendelea kuingia kama kawaida.

Ndipo kijana mmoja akaniwekea "Do Not Disturb" kwamba simu iite kwa waliohifadhiwa tu. Hapo kweli nililala. Lakini Jumanne iliyopita mama, ambaye yuko kijijini Makete, alibanwa na kifua usiku. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, akaazima ya jirani. Kanipigia saa sita na nusu, halafu saa saba kasoro kidogo, halafu akaacha. Asubuhi nafungua simu nakuta zimekaa pale kimya. Walimpeleka zahanati kwa bodaboda na sasa anaendelea vizuri, nashukuru Mungu, ila roho inaniuma mpaka leo.

Sasa nimezima kila kitu na matapeli wamerudi. Nifanyeje ili hao wanyamaze lakini mama apite, hata akiwa na simu ya mtu nisiyemjua? Na meseji je? Wateja wananilipa kwa simu, sitaki meseji za malipo zipotee.

Kaka_Mafinga

Pole sana kwa mama. Mimi nina shida kama yako. Nilikopa kwenye programu moja ya mikopo, nikachelewa siku nne, sasa wanapiga namba tofauti kila saa, wanampigia mpaka shemeji yangu na watu ninaowauzia mbao. Nikiblok moja wanakuja na nyingine. Nisaidieni na mimi, nawanyamazishaje hao?

Mama_Junia

Kaka, hilo lako ni uzi mwingine kabisa. Wewe wana jina lako, na walichukua orodha ya namba zako siku uliyoiruhusu programu yao isome simu. Ukiwanyamazisha kwako bado shemeji atapigiwa. Fungua uzi wako tukusaidie huko, usifiche, wengi wamepita hapo.

iringa_mjini_04

Mkuu, mbona rahisi. Nenda "Settings", ingia "Phone", washa "Silence Unknown Callers". Imeisha hiyo. Mimi mwaka wa tatu sasa sisumbuliwi.

Mzee wa Uyole

Hiyo ni ya iPhone, kijana, na mwenzako ana Android. Hata kwenye iPhone, hiyo isingemwokoa mama yake. Namba ambayo hujaihifadhi na hujawahi kuipigia inanyamazishwa hata ikipiga mara kumi. Mwenye iPhone akitaka anayerudia apite, aache hiyo na atumie "Do Not Disturb" yenye "Allow Repeated Calls". Pale mtu akipiga tena ndani ya dakika tatu, simu inaita.

Sasa wewe FundiMwanjelwa. Nimefanya kazi ya simu muda mrefu na kosa lako la kwanza nimelirekebisha kwa watu wengi. Hiyo "Unknown" uliyoiwasha haimaanishi namba usiyoijua wewe. Inamaanisha simu iliyoficha namba, ile inayokuja bila tarakimu zozote kwenye kioo. Tapeli wa kwetu hafichi namba, anatumia laini ya kawaida. Kwa hiyo kile kitufe kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri, ila si kazi uliyoitaka.

Kosa la pili ni dogo zaidi na ndilo lililokuumiza. "Do Not Disturb" ulikuwa sahihi kuitumia, kwa sababu inanyamazisha tu, haikati simu. Ndiyo maana asubuhi ulizikuta. Ungekuwa umeziblok, mama angekatiwa. Ila kijana wako aliacha kitu kimoja. Ingia hapa:

```
Settings > Sound & vibration > Do Not Disturb > People > Calls
```

Kwenye simu nyingine sehemu hiyo inaitwa "Modes", na ukiwa umeweka Kiswahili utaona "Usinisumbue". Acha kwenye "Contacts". Chini yake tafuta "Allow repeat callers" uiwashe. Maana yake, namba yoyote, hata ngeni kabisa, ikipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu yako itaita.

Sasa rudi kwa usiku wa Jumanne. Mama kapiga saa sita na nusu, kisha saa saba kasoro kidogo. Kasoro ngapi?

FundiMwanjelwa

Mzee shikamoo. Nimeangalia sasa hivi. Ya kwanza 12:31, ya pili 12:52.

Mzee wa Uyole

Marahaba. Dakika 21. Basi hata ungekuwa umewasha hiyo ya kurudia, isingeita. Ndiyo maana kuseti simu yako ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwambia mama: ukinipigia usiku nisipopokea, piga tena papo hapo, kwa simu ileile na laini ileile. Akipiga kwa simu ya jirani, kisha akaenda kuazima ya mwingine, kwa simu yako hao ni watu wawili waliopiga mara moja moja, na wote watanyamazishwa.

Dada wa Tukuyu

Hapo kwenye "papo hapo" naomba niongeze, maana wazee wetu wanabipu. Mama yangu hana vocha, anabipu mara moja anakaa kusubiri nimpigie. Akibipu ya pili simu inalia nukta moja tu na kukata, kwa mtu aliyelala haitoshi. Mimi nilimpa sharti: usiku hakuna kubipu, acha iite mpaka mwisho, halafu rudia. Nikahakikisha salio la kupigia halikosi kwenye simu yake na nikaongea na jirani zake wawili pia. Namba zao zote nimehifadhi, kila jirani na laini zake zote. Mwenye duka, mwenye bodaboda, mhudumu wa zahanati, wote. Ukishahifadhi hao, habari ya kurudia inabaki kwa nadra.

Kyela_Boy

Mimi ninavyojua ukiweka Truecaller inazuia matapeli wote, huna haja ya haya yote.

Mzee wa Uyole

Siyo wote. Inamjua tapeli ambaye watu wengine wameshamripoti. Laini iliyoanza kazi leo asubuhi haimo. Inasaidia kupunguza, sikatai, na ina sehemu ya kuzuia kila asiyehifadhiwa, lakini hapo umerudi kulekule kwa jirani wa mama. Fikiria pia kabla ya kuipa ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako.

Kublok namba moja moja nako ni kuchota maji kwa kikapu. Afadhali namba ya tapeli uitume TCRA kupitia 15040 ili laini yenyewe ishughulikiwe, kuliko kuifungia kwako peke yako wakati kesho anampigia mwingine Rujewa.

Mama_Junia

Mchana mimi nisingewasha "Do Not Disturb" kama ningekuwa fundi. Mteja mpya siku zote ni namba ngeni. Fanya hivi: mlio wa kawaida wa simu uweke "None", halafu watu wako wa lazima, labda ishirini, uwape mlio wao mmoja mmoja kwenye majina. Namba ngeni kioo kitawaka tu na kutetemeka, ukiwa mezani unaiona unaamua. Mtu wako akipiga utajua hata ukiwa umeinamia cherehani. Nilianza hivyo tangu simu za vitufe.

Dada wa Tukuyu

Dada, ushauri mzuri ila mteja mpya akipiga ukiwa umesimama kumpima mtu, umemkosa. Kwa biashara naona mchana aache kila kitu kiite, avumilie.

Mama_Junia

Anarudi kwenye simu anaona namba, anapiga. Mimi nawapigia wote na wateja hawajanikimbia.

Mzee wa Uyole

Hapo kila mtu na biashara yake. Usiku ndiko nina uhakika. Weka kwenye "Schedules" iwashe saa nne usiku na kuzima saa kumi na moja alfajiri, usitegemee kukumbuka mwenyewe. Na WhatsApp ina kitufe chake, hii ya simu usiitegemee kule: "Settings", "Privacy", "Calls", kisha "Silence unknown callers". Ujue tu kwamba kule hakuna habari ya kurudia, kwa hiyo mama asikutafute usiku kwa WhatsApp ya jirani.

Meseji za malipo hazipotei, zinaingia kimya kwa sababu mtumaji ni jina la kampuni na hayumo kwenye majina yako. Saa za usiku sidhani unashona.

FundiMwanjelwa

Mzee, wakati wa sikukuu nashona mpaka saa saba, na mteja analipa ndipo nianze kukata kitambaa. Ndiyo maana nimeuliza.

Dada wa Tukuyu

Kwangu ilikubali hivi: meseji ya malipo ilipoingia, nilishusha taarifa juu ya kioo, nikaibonyeza kwa muda mrefu, nikachagua "Priority". Kisha kwenye "Do Not Disturb", "People", "Conversations" nikaweka "Priority conversations". Sasa hiyo inalia, nyingine kimya.

Kyela_Boy

Kwangu hiyo "Priority" haitokei kwenye meseji za kampuni, inatokea kwa watu tu.

afisa_mlezi

Naomba nitie neno, nalea wanafunzi wa bweni. Kuna matapeli wanapiga kwa wazazi: mwanao ameanguka, tuma hela ya matibabu haraka. Nao wanarudia mara mbili, mara tatu, tena kwa haraka. Kwa hiyo simu ikiita mara ya pili usiku pokea, lakini kabla ya kutuma hata shilingi mia kata, piga namba ya shule au ya jirani uliyoihifadhi wewe mwenyewe.

FundiMwanjelwa

Ahsanteni sana wote. Nimefanya jaribio na fundi mwenzangu ambaye nilifuta namba yake kwanza. Kapiga mara ya kwanza, kimya. Kapiga tena baada ya dakika mbili, ikaita. Tukasubiri dakika ishirini, kapiga, kimya. Kama Mzee alivyosema.

Nimeongea na mama na jirani yake jioni hii, nimewahifadhi majirani watatu na mhudumu wa zahanati. Mama kaniuliza, je, akiwa hawezi kushika simu na anayempigia hajui habari ya kurudia? Sikuwa na jibu. Meseji ya malipo nayo kwangu haioneshi "Priority", kama kwa Kyela_Boy. Kuna aliyewahi kulivuka hilo?