Wakuu naomba msaada: ibn, bin, Abu, Abi... mtu mmoja kanitokea mara tatu kwenye orodha

Msomi_wa_Ngamiani:
Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kuorodhesha vitabu vya maktaba ndogo ya msikiti wetu hapa Tanga, vipo vya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, naingiza kwenye Excel na majina ya waandishi yote yawe kwa herufi za Kirumi ili madogo wa madrasa waweze kutafuta. Vitabu sio shida, shida ni majina. Ibn Battuta peke yake ninae mara tatu: "Battuta, Ibn", halafu "Ibn Batuta", halafu "Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah", huyu wa tatu nimekuja kugundua ni yeye baada ya kufungua kitabu chenyewe.

Jana nikasema ngoja nisafishe. Nilikuwa naona "Ali bin Abi Talib" sehemu moja na "Abu Talib" sehemu nyingine, nikajua ni kosa la wachapaji, nikapiga Ctrl+H nikabadilisha abi zote ziwe Abu. Kuja kuangalia, Ibn al-Arabi kawa "Ibn al-ArAbu" na Rabia kawa "RAbua". Namshukuru Mungu kopi ya juzi ninayo. Sasa niandike vipi ili nisirudi tena huku?

Kaka_Mchapaji:
Mkuu mbona rahisi, ibn na bin ni neno lilelile, maana yake mtoto wa fulani. Chagua bin maana ndio yetu Waswahili, badilisha zote, maisha yaendelee. Na hiyo Abi irudishe Abu usihangaike, ni lafudhi tu.

BiMkutubi:
Kaka Mchapaji hapo kwenye neno moja uko sawa, lakini usimwambie abadilishe zote, atapata "Bin Sina" na "Bin Battuta", na hakuna kijana atakaemtafuta Ibn Sina kwenye B.

Mdogo wangu Ngamiani, nimefanya kazi ya katalogi miaka mingi, nisikilize taratibu. Abi sio kosa na sio lafudhi. Abu ni neno linalobadilika mwisho kutokana na linakokaa. Likianza jina ni Abu, likitanguliwa na ibn au bint linakuwa Abi. Ndio maana baba anaitwa Abu Talib na mwanae anaitwa Ali ibn Abi Talib, na hao hao ni baba na mwana, hakuna aliyekosea. Sayyidna Abu Bakr vivyo hivyo, binti yake ni Asma bint Abi Bakr. Kwa hiyo wewe angalia neno lililotangulia tu: kama ni ibn, bin au bint, iache Abi, kama hakuna, weka Abu. Kwenye matini za Kiarabu utakutana na Aba pia, sentensi ndio imeisukuma hivyo, ukiingiza kwenye orodha irudishe Abu.

Ibn nayo ina sehemu mbili. Ikiwa katikati ya majina inaunganisha mtoto na mzazi, iandike kwa herufi ndogo: Muhammad ibn Abdallah. Ikiwa ndio mwanzo wa jina alilojulikana nalo mtu, iandike kwa herufi kubwa na usiikate kamwe: Ibn Battuta, Ibn Khaldun. Hiyo "Battuta, Ibn" imeandikwa na mtu aliyedhani Battuta ni jina la ukoo kama la Mzungu.

Na usidhani kinachofuata ibn lazima kiwe baba. Ibn Sina baba yake ni Abdallah, Sina ni babu wa mbali huko juu. Imam Ahmad ibn Hanbal baba yake anaitwa Muhammad, Hanbal ni babu. Ukijaza safu ya "jina la baba" kwa kuangalia neno baada ya ibn utawapa watu baba wasio wao.

Mtoto_wa_Uvira:
Samahani naingilia, mimi cheti changu kimeandikwa Aboubacar, pasipoti Abubakar, na shuleni waliniandika Abu Bakr maneno mawili. Kwa maelezo ya mama hapo juu, ipi ndio sahihi nikabadilishe zote?

BiMkutubi:
Mwanangu wewe usibadilishe kwa ajili ya uzi huu. Zote tatu ni jina moja, ya kwanza imepita kwenye Kifaransa. Mtu aliye hai anaandikwa kama anavyojiandika mwenyewe, kinachokuhusu wewe ni karatasi zako zikubaliane, na hilo waulize wanaotoa hizo karatasi. Haya tunayosema ni kwa waliotangulia ambao hawakuwahi kujiandika kwa herufi za Kirumi.

Msomi_wa_Ngamiani:
Ahsante sana mama, Abi imeniingia. Sasa nina huyu wa Kilwa ananisumbua. Kitabu kimoja kina "Hassan bin Suleiman", kingine "Abul Mawahib", kingine "Abu'l-Muzaffar Hasan". Hao ni masultani watatu?

Pwani_Historia:
Huyo ni mmoja, kama vitabu vyako vinamzungumzia sultani aliyemkuta Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331. Ibn Battuta mwenyewe anamtaja Abu al-Muzaffar Hasan, halafu anasema watu walimuita pia Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi alizokuwa anatoa, yaani baba wa zawadi. Ona hapo hakuna mtoto anaeitwa Mawahib. Abu mara nyingi ni sifa, kama Abu Hurayra na paka wake. Ila kuwa makini, jina hilohilo linajirudia kwenye koo za kifalme, usiunganishe majina mawili mpaka uone na mwaka.

BiMkutubi:
Naongezea. Yeye mpe kichwa kimoja: al-Hasan ibn Sulayman, sultani wa Kilwa. Halafu tengeneza safu ya pili uite "kama ilivyoandikwa kitabuni", humo ndio utie Abul Mawahib, Hassan bin Suleiman na mengine yote, kijana akitafuta kwa lolote analipata. Bin ya kitabu usiiguse humo, ya kichwani ndio iwe ibn kila mahali. Na al- isihesabiwe kwenye kupanga, la sivyo nusu ya maktaba itajaa kwenye A. Safu ya kupangia weka hii:

```
=IF(LEFT(A2,3)="al-",MID(A2,4,100),A2)
```

Hapo al-Hasan atakaa kwenye H. Ibn na Abu usizikate, zihesabiwe.

Kaka_Mchapaji:
Nimekuelewa mama, Abi nilikosea. Lakini Sulayman? Msikitini kwetu hakuna anaesema Sulayman, ni Suleiman. Na kwa nini Abu al-Mawahib wakati mdomo unasema Abul-Mawahib? Tunaandikia watoto wa Tanga hawa.

Pwani_Historia:
Mimi hapo nipo na Kaka. Andika kama inavyotamkwa.

BiMkutubi:
Suleiman sina ugomvi nayo, mradi kichwani aandike Suleiman kwa wote kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Abul ndio siikubali, maana inaficha kwamba ni maneno mawili, kesho mtu ataandika "Abdul" peke yake akidhani ni jina kamili wakati ni Abd al-Rahman limekatwa.

Msomi_wa_Ngamiani:
Nimeanza upya na ile kopi ya juzi. Nimechukua Suleiman, nimeacha Abu al- wazi, na nimebandika karatasi ukutani yenye majina 20 yanayojirudia sana ili hata mwenzangu akishika kompyuta aandike kama mimi. Sasa hivi nimekwama kwenye Said, kuna Sa'id ya koma ya juu iliyonyooka na nyingine iliyopinda, nikitafuta moja nyingine haitokei. Nifute koma zote?

BiMkutubi:
Kwenye kichwa futa zote, kwenye safu ya pili ziache kama zilivyo. Kesho nitapita kuona Kiarabu chake, kuna Said ya sini na ayn na kuna Sayyid, hizo usije ukaziunganisha kabla sijafika.