Kiashiria chetu cha hisa kimeanguka nusu kwa wiki moja, nimekosea wapi?

Katibu_Kiborloni: Wakuu, shikamooni. Kikundi chetu hapa Moshi tunafuatilia hisa za kampuni tatu. Kila Ijumaa najumlisha bei, nagawa kwa 3, naandika ubaoni. Wiki iliyopita A ilikuwa 2,000, B 600, C 400, kiashiria kikatoka 1,000. Wiki hii A imegawanya kila hisa kuwa nne na bei imekuwa 500. Nikipiga hesabu napata 500! Mweka hazina ananiangalia kama mwizi. Nisahihishe vipi?

Mzee wa Pasua: Achana na kujumlisha bei. Fanya kama DSEI, kiashiria cha soko la hisa la Dar, zidisha bei kwa idadi ya hisa za kampuni. A ikiwa na hisa milioni 10 kwa 2,000 ni bilioni 20. Leo ni milioni 40 kwa 500, bilioni 20 ile ile. Hapo hurekebishi kitu milele.

Mama Shanga: Hata mimi hisa zangu ziligawanywa, dalali akakaa miezi miwili na idadi ya zamani. Katibu, hebu kagua akaunti yenu kwanza.

Katibu_Kiborloni: Akaunti iko sawa mama, hisa zimeongezeka. Shida ni ubao.

Karani Mstaafu: Kosa ni kung'ang'ania 3. Chukua jumla mpya, 1,500, uigawe kwa kiashiria cha kabla ya mgawanyo, 1,000. Unapata 1.5, na hicho ndicho kigawanyo chako kuanzia sasa. 1,500 kwa 1.5 ni 1,000, ubao hautikisiki. Kiashiria cha Dow Jones cha Marekani kilianza 1896 na kampuni 12 kikigawa kwa 12. Leo zipo 30 na kigawanyo kimeshuka chini ya 1, kwa marekebisho hayo hayo.

Ila jua ulichonunua. Zamani B ikipanda asilimia 10, yaani shilingi 60, ubao uliongezeka pointi 20. Sasa 60 kwa 1.5 ni pointi 40. B haijakua hata kidogo, ni A tu imekata hisa zake vipande.

Mzee wa Pasua, mgawanyo umeupatia, ila hiyo "milele" hapana. Tuseme thamani ya zote tatu ni bilioni 30, ikaingia ya nne ya bilioni 10. Usiporekebisha kigawanyo, ubao unaruka theluthi nzima na hakuna bei iliyopanda. Kampuni ikiuza hisa mpya ni hivyo hivyo.

Mzee wa Pasua: Hiyo ya kuingia mpya nakubali. Lakini bado, kampuni kutawala ubao kwa sababu hisa yake moja ni ghali ni kichekesho.

Karani Mstaafu: Na kwako benki moja kubwa itawameza wadogo wote. Chagua ugonjwa wako.

Katibu_Kiborloni: Nimeandika 1,000 kwa kigawanyo 1.5. Mweka hazina sasa anauliza kampuni moja na nusu ni ipi.