Naomba ushauri: mtihani wa mdomo wa upasuaji, mgonjwa wa tumbo la ghafla

Wakuu, juzi kwenye mazoezi ya mtihani wa mdomo nilipewa mgonjwa wa miaka 45: maumivu ya ghafla juu ya kitovu, tumbo gumu kama ubao, mapigo 120, presha 90 kwa 60. Nikarukia jibu: "Kidonda cha tumbo kimetoboka, nampeleka thieta." Mwalimu akauliza, "Sasa hivi unamfanyia nini?" Viganja vikalowa jasho, nikataja vipimo ovyo. Na nilijua! Oksijeni, dripu, damu ya vipimo, dawa ya maumivu, antibaiotiki, mpira wa puani na wa mkojo, ndipo eksirei ya kifua akiwa wima, kutafuta hewa chini ya kiwambo. Mliopita hapo, mnaanza na sentensi gani? Na mkikatizwa katikati, mnarudije kwenye mpangilio?