Makala tatu zikishachapishwa, tasnifu imekwisha?

Mwana wa Kondele: Nina makala tatu majaridani kuhusu gugu maji la Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Idara inakubali tasnifu ya makala. Niziunganishe vipi? Na kuna ubaya kwa njia hii?

Jamaa wa Nyalenda: Hiyo ni njia ya mkato. Unabana karatasi kwa pini, unaitwa daktari.

Dada wa Bondo: Mkato? Makala yangu moja ilirudishwa na wahakiki nisiowajua hadi mtoto akaanza kutembea. Wewe yako ilisomwa na nani?

Mkaazi wa Nakuru: CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, inataka makala mbili kwa PhD. Yeye ana tatu, amalize tu.

Mwalimu wa Milimani: Sharti hilo ni la kuchapisha, hata kwa aliyeandika tasnifu ya kawaida. Halisemi makala zenyewe ndizo tasnifu. Kondele, zinahusu nini?

Mwana wa Kondele: Ya kwanza ni picha za satelaiti, 2015 hadi 2019. Ya pili ni samaki walioshushwa fukwe mbili, 2018. Ya tatu ni mahojiano na akina mama wauza samaki, 2021.

Mwalimu wa Milimani: Swali lako kubwa basi ni hili: gugu likiziba ufuo, hasara humfikia nani? Andika utangulizi mpya juu ya hilo. Ukipanga tangulizi za makala jinsi zilivyo, mtahini atasoma mara tatu jinsi gugu lilivyoingia ziwani.

Kati ya ya kwanza na ya pili weka kurasa mbili hivi. Sema gugu huhama na upepo, ufuo uliozibwa leo kesho uko wazi, na picha haikuambii mashua ilishusha wapi. Ndiyo maana ukaenda ufuoni kuhesabu.

Kazi kubwa ni sura ya mwisho. Tuseme ufuo mmoja ulizibwa, samaki wakaongezeka ule wa pili, na akina mama wa ufuo wa kwanza wanasema walikosa mali. Hapo hasara imehamia kwa akina mama hao, na hakuna makala moja inayoweza kuonyesha hivyo peke yake. Lakini angalia miaka: picha na samaki vinakutana 2018 tu, na mahojiano ya 2021 ni kumbukumbu za watu. Usipolisema mwenyewe, utaulizwa kwenye utetezi. Makala iliyochapishwa huigusi. Pengo unalieleza kwenye sura yako.

Jamaa wa Nyalenda: Na majina ya wasimamizi mbele ya makala? Hiyo PhD ni ya nani?

Dada wa Bondo: Hapo umesema kweli. Wangu alitaka jina lake litangulie na hakuandika hata sentensi. Nilikubali ndiyo nimalize.

Mwalimu wa Milimani: Tasnifu huwekwa taarifa ya mchango: nani alikusanya data, nani alichanganua, nani aliandika, na wenzako wanatia sahihi.

Dada wa Bondo: Sahihi ya nani, Mwalimu? Ya huyo huyo anayesaini fomu zangu zote?

Mkaazi wa Nakuru: Kwetu jina la mwanafunzi lazima litangulie.

Dada wa Bondo: Imeandikwa wapi? Lete.

Mwana wa Kondele: Jamani, moja yangu mimi ni wa pili. Itakubaliwa?